Thelathini na Mbili Ilitoka Wapi?

Wanafunzi wangu, kipimajoto hiki kilichopo mezani kina mistari pande zote mbili. Upande wa Selsiasi joto la Mtwara asubuhi hii ni 30. Upande wa Farenhaiti ni 86. Joto ni lile lile. Tofauti kubwa ni pale kila mtu alipoweka sifuri yake.

Jaza chupa moja maji ya Ruvuma kutoka bara, ambako bahari haifiki, na nyingine maji ya bahari ya Msimbati, kisha zitie kwenye friza. Ya mto yataganda kwenye 32 za Farenhaiti. Ya bahari yatangoja hadi yakaribie 28 na nusu, kwa sababu chumvi huzuia maji kuganda. Ya mlangoni mwa mto, yanakochanganyika, yatagandia katikati ya hapo.

Sasa ponda barafu, uitie chumvi nyingi. Barafu itaanza kuyeyuka, na kuyeyuka huko hunyonya joto, hivyo mchanganyiko huzidi kuwa baridi. Daniel Gabriel Fahrenheit, fundi wa vipimajoto aliyezaliwa Danzig mwaka 1686, alieleza katika andiko lake la 1724 kwamba sifuri yake aliipata kwa mchanganyiko wa namna hii. Ukiurudia leo hutaangukia sifuri kamili: chumvi ya mezani inaweza kukushusha zaidi, na chumvi ya amonia ikaishia juu kidogo.

Lakini 32 haikutoka kwenye chumvi. Mwaka 1708 Fahrenheit alimtembelea Ole Rømer, mwanafalaki wa Kopenhageni. Katika kipimo cha Rømer maji yaliganda kwenye 7 na nusu, na joto la mwili lilikuwa 22 na nusu. Nusu hizo zilimsumbua fundi wetu, akazikuza kidogo zikawa 8 na 24. Kisha akaigawa kila nyuzi mara nne: 8 ikawa 32, 24 ikawa 96.

Mtu anayechora mistari kwenye mrija wa kioo kwa mkono ananufaika hapo. Kutoka 32 hadi 96 ni nyuzi 64. Gawa urefu huo nusu, kila kipande nusu tena, hadi mara sita, unafika kwenye nyuzi moja moja. Kukata nusu ni rahisi. Jaribu kugawa uzi vipande mia sawasawa, utaniambia.

Baada ya kifo chake mwaka 1736, kipimo kilikuja kufungwa upya kwenye maji: kuganda 32, kuchemka 212. Mistari ikasogea kidogo, ndiyo maana kliniki leo husema 98.6 badala ya 96. Kati ya kuganda na kuchemka kuna nyuzi 180, ambazo Selsiasi huzihesabu 100, yaani 1.8 kwa kila moja. Basi 86 toa 32 ni 54. Gawa kwa 1.8, unapata 30.