Dawa Kupitia Mpira wa Tumboni: Moja Baada ya Nyingine

Mazungumzo haya yanahusu wagonjwa wanaolishwa kwa mpira uliopitishwa kwenye ngozi ya tumbo hadi ndani ya mfuko wa chakula. Mpira huo ukiziba, mgonjwa hukosa chakula, maji na dawa kwa pamoja. Mara nyingi kinachouziba ni dawa zilizosagwa zikachanganywa pamoja au kutiwa ndani ya uji.

Dawa mbili zikikutana kwenye kikombe kimoja zinaweza kugandana, au moja ikaharibu nguvu ya nyingine. Tena, mchanganyiko ukimwagika nusu, mlezi hawezi kujua ni dawa ipi iliyopotea. Ndiyo sababu kila dawa huandaliwa peke yake, hupitishwa peke yake, na kufuatwa na maji.

Mfano ni mtoto wa miaka 8 mwenye mtindio wa ubongo. Asubuhi hupewa dawa tatu: valproeti ya majimaji ya kuzuia kifafa, mililita 5, kidonge cha foliki asidi cha kusaidia kutengeneza damu, na kidonge cha baklofeni cha kulegeza misuli. Muuguzi amemwandikia mamake kiasi cha maji ya kutumia.

Mama hunawa mikono kwa sabuni, humwinua mtoto kichwa na kifua, na kusimamisha uji ikiwa unapita. Hutumia maji ya kunywa yaliyochemshwa yakapoa. Maji ya kisima cha chumvi hayafai hata yakichemshwa, kwa kuwa moto huua vijidudu lakini hauondoi chumvi.

Kwanza hupitisha mililita 10 za maji kwa sirinji kubwa ya kulishia. Sirinji ndogo ni nzuri kwa kupimia dawa, lakini ikisukumwa hutoa shinikizo kali linaloweza kupasua mpira. Maji yakipita vizuri, hufuata valproeti. Dawa hiyo ni nzito, kwa hivyo huizimua kwa maji mililita 5. Kisha hutia maji mengine mililita 5 kwenye kikombe kilekile, huyasukasuka na kuyapitisha, ili mabaki ya dawa yaingie pia.

Kidonge cha foliki asidi husagwa hadi kiwe unga laini kabisa, kikakorogwa katika maji mililita 10 na kupitishwa papo hapo kabla unga haujatuama. Hufuata maji mililita 5. Baklofeni huandaliwa vivyo hivyo, na mwisho hupita maji mililita 10. Mtoto hubaki ameinuliwa kwa nusu saa hivi.

Ukijumlisha, maji ya kusafishia ni mililita 30 na ya kuchanganyia dawa ni 25, jumla 55. Akipewa dawa hizo mara mbili kwa siku, ni mililita 110. Maji hayo huhesabiwa katika maji yake ya siku. Mtoto mchanga, au mgonjwa wa figo au moyo, huenda akahitaji kiasi kidogo zaidi, kwa hivyo vipimo vya mgonjwa mmoja havihamishiwi kwa mwingine.

Si kila kidonge husagwa. Kuna vidonge vinavyotengenezwa kutoa dawa polepole mchana kutwa, na valproeti ina vya aina hiyo. Kikisagwa, dawa yote hutoka kwa mara moja: mgonjwa anaweza kusinzia kupita kiasi, kisha baadaye siku hiyo kifafa kikamrudia. Vidonge vyenye ganda la kuzuia asidi ya tumbo navyo havisagwi. Mlezi humwonyesha mfamasia kila dawa mpya na kumwambia kwamba inapitia mpirani. Mara nyingi ipo ya majimaji.

Mpira unaoanza kuziba hujionyesha mapema: maji hupita polepole kuliko jana, au sirinji huwa ngumu mkononi. Mlezi huangalia kwanza kama mpira umekunjika au kibanio kimefungwa. Kisha hutia maji ya uvuguvugu, huvuta na kusukuma taratibu, husubiri kama dakika 15 na kujaribu tena. Soda haitumiki, waya hauingizwi, na nguvu haitumiki. Ukikataa kufunguka, mgonjwa hupelekwa hospitalini siku hiyohiyo, hasa anayetumia dawa ya kifafa, maana dozi iliyokosekana haingoji kesho.

Mpira ukichomoka wote, tundu linaweza kuanza kujifunga ndani ya saa chache. Hufunikwa kwa kitambaa safi, mpira huchukuliwa, na safari huanza mara moja, hata kama ni usiku na hospitali iko ng'ambo ya daraja la Nyali.