Riba ya Siku, ya Mwezi na ya Mwaka: Tofauti Yake ni Kiasi Gani?



Mtu mwenye akiba mkononi huzunguka benki mbili tatu kabla ya kuamua. Ya kwanza inamwambia riba itaingia mwisho wa mwaka, ya pili kila mwezi, na ya tatu imebandika ukutani maneno makubwa: riba kila siku. Wengi huenda kwa hiyo ya tatu bila kuuliza zaidi. Jioni hii naomba tuzihesabu hizo shilingi, maana hesabu yenyewe ni ya mwanafunzi wa sekondari, na jibu lake ni tofauti na wengi wanavyodhani.

Tuchukue amana moja ya shilingi 1,000,000 na riba ya asilimia 9 kwa mwaka. Kodi tuiache kwanza. Riba ikiongezwa mara moja tu, mwisho wa mwaka, salio ni 1,090,000. Hapo hakuna la kujadili.

Ikiongezwa kila mwezi, ile asilimia 9 hugawanywa kwa 12, tukapata asilimia 0.75. Mwezi wa kwanza unaingiza 7,500. Mwezi wa pili riba inakokotolewa juu ya 1,007,500, kwa hiyo zinaingia 7,556.25. Hizo 56.25 za ziada ni riba iliyozaliwa na riba. Zinakua taratibu, hadi mwezi wa 12 unaingiza 8,142.48. Salio la mwisho ni 1,093,806.90. Kwa kutoka mwaka kwenda mwezi tumepata shilingi 3,807.

Sasa twende kwenye siku. Tunagawanya kwa 365 na kuongeza riba mara 365. Mtu angetarajia mruko mkubwa, kwani kutoka 1 kwenda 12 kulileta karibu shilingi elfu nne, na sasa tunatoka 12 kwenda 365. Salio linakuwa 1,094,162.14. Nyongeza ni shilingi 355 kwa mwaka mzima. Mkitaka kuhakiki kwenye simu au kompyuta, andikeni hivi katika jedwali lolote la hesabu:

```
=1000000*(1+0.09/365)^365
```

Mkiweka 12 badala ya 365 mtapata jibu la mwezi.

Kwa nini mruko umekufa ghafla? Naomba tukae hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo penye kiini cha mhadhara huu. Riba inachumwa kila siku, lakini kabla ya kuongezwa kwenye salio inakaa tu bila kuzalisha chochote. Kwa mpango wa mwaka, riba ya Januari inangoja hadi Desemba, ile ya Novemba inangoja mwezi mmoja, na kwa wastani kila shilingi ya riba inalala nusu mwaka. Kwa mpango wa mwezi, wastani wa kulala ni nusu mwezi. Kwa mpango wa siku ni nusu siku. Kupunguza usingizi kutoka nusu mwaka hadi nusu mwezi ni kuokoa miezi mitano na nusu. Kutoka nusu mwezi hadi nusu siku, kilichobaki cha kuokoa ni wiki mbili tu. Mpango wa mwezi ulishachukua karibu faida yote iliyokuwepo.

Hata benki ikiongeza riba kila sekunde, milioni yetu haitavuka 1,094,174.28. Zaidi ya mpango wa siku, hizo ni shilingi 12. Ukomo huu aliuchunguza Jakob Bernoulli mwaka 1683, akitumia riba ya asilimia 100: shilingi 1 inakuwa 2 kwa mpango wa mwaka, 2.613 kwa mwezi, 2.715 kwa siku, na haifiki 2.72 kamwe. Namba hiyo ya ukomo, 2.71828 na kuendelea, leo wanafunzi wetu wa hisabati wanaiita e.

Sasa, kuna benki ya nne ambayo haijabandika chochote ukutani. Inatoa asilimia 9.5, inaongeza riba mara moja kwa mwaka. Salio lake ni 1,095,000, na limeshawapita wote, hata wa kila siku. Tukiiacha fedha miaka 10, mpango wa siku kwa asilimia 9 unafika 2,459,330, na huyu wa asilimia 9.5 anafika 2,478,228. Nusu asilimia imeshinda siku zote 365. Ila mpango wa mwaka una adhabu yake: ukilazimika kuvunja amana mwezi wa tisa kwa sababu ya karo au ugonjwa, kwa kawaida hupoteza sehemu kubwa ya riba au yote. Ambaye hana uhakika wa kuiacha fedha ikae, mpango wa mwezi unamfaa kwa sababu hiyo, hata kama hesabu ya juu inasema vingine.

Jambo linalonisumbua zaidi ni maneno yenyewe ya tangazo. Riba kukokotolewa kila siku si sawa na kuongezwa kila siku. Akaunti nyingi hukokotoa riba kwa salio la kila siku, huiweka pembeni, kisha huiingiza mwisho wa mwezi. Huo ni mpango wa mwezi. Kuubaini ni rahisi: chukueni taarifa ya akaunti ya mwezi wa siku 30 ambao hamkuweka wala kutoa fedha. Kwa milioni yetu, kabla ya kodi, riba ikiwa 7,397.26 basi haikuongezwa kila siku. Ingeongezwa kila siku, ingekuwa 7,423.77. Na kama riba inapelekwa kwenye akaunti nyingine badala ya kubaki ndani ya amana, basi hakuna riba juu ya riba kabisa, hata ilipwe kila asubuhi.

Kodi nayo ina sehemu yake. Hapa Tanzania mkazi hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 10 kwenye riba, na Kenya ni asilimia 15. Ikikatwa kila riba inapoingia, kinachobaki kuzaa ni kidogo zaidi. Kwa kodi ya asilimia 10, ile faida ya mwezi juu ya mwaka inashuka kutoka 3,807 hadi 3,076.

Yote haya ni kwa riba ya asilimia 9. Riba ikipanda mara mbili, pengo kati ya mwaka na siku hupanda zaidi ya mara nne: kwa asilimia 18 ni shilingi 17,164 badala ya 4,162. Ndiyo maana suala hili, ambalo kwa mwekaji ni dogo, kwa mkopaji ni zito. Mkopo wa asilimia 8 kwa mwezi, ukiachwa ujirundike mwaka mzima, si asilimia 96 kama kuzidisha kwa 12 kunavyoonyesha. Ni asilimia 151.8.

Kwa hiyo mkienda benki, msiishie kuuliza riba inaingia mara ngapi. Mwombeni afisa aandike kwenye fomu kiasi kamili kitakachokuwemo siku ya amana kuiva, baada ya kodi, kisha linganisheni kiasi hicho na cha benki nyingine kabla ya kuweka saini.