Sasa na Zamani: Hesabu ya Mbiti na Majina ya Wafalme wa Rwanda



Mwaka 1969 John Mbiti, Mkamba wa Kitui aliyekuwa akifundisha Makerere, alichapisha kitabu kuhusu dini na falsafa za Kiafrika. Katika sura moja isiyo ndefu alidai kwamba kwa Mwafrika wa jadi wakati una pande mbili: upo uliopita, ambao ni mrefu sana, na upo uliopo. Ujao karibu haupo. Hicho ndicho kitabu ambacho wanafunzi wa dini na falsafa wa nchi zetu wamekisoma kuliko kingine cha aina yake, na sura hiyo ndiyo iliyopigwa mawe zaidi. Jioni hii nataka kuonyesha kwamba mawe mengi yalirushwa kwa haki, ila si yote yaliyofika kwenye nyumba iliyokusudiwa.

Kwanza tumsikilize mwenyewe. Mbiti alisema wakati si chombo kitupu kinachosubiri kujazwa mambo. Wakati ni matukio yenyewe: yaliyokwisha kutukia, yanayotukia, na yale yaliyo karibu kutukia bila shaka. Ndiyo maana alitoa mifano ya kalenda zinazohesabiwa kwa shughuli. Kwa Wanyankole siku ina saa ya kukama, saa ya ng'ombe kupumzika, saa ya kuwatekea maji na saa ya kuwarudisha zizini. Kwa Walatuka wa Sudani Kusini mwezi hupewa jina la jua kali au la nafaka kukomaa, na hakuna anayejali kama una siku 28 au 31, maadamu jambo lenyewe limefika. Kwa hiyo, akasema, mgeni anayemwona mtu amekaa chini ya mti na kumshutumu kwamba anapoteza wakati hajaelewa kitu. Huwezi kupoteza kitu ambacho hujakitengeneza bado. Naipenda hoja hii, na nasikitika kwamba mitaani imegeuzwa kuwa udhuru wa mtu aliyechelewa mkutanoni.

Kisha akahitaji majina. Maneno ya Kizungu ya uliopita na ujao yalikuwa na mzigo wake, basi akachukua mawili ya Kiswahili: Sasa na Zamani. Hapa msomaji wa Kiswahili anapaswa kuwa macho, kwa sababu Mbiti aliyapa maana yake mwenyewe. Sasa yake ni pana kuliko yetu. Inaanza na ujao wa karibu sana, inapita siku ya leo, na inarudi nyuma mpaka mwisho wa kumbukumbu za mtu aliye hai. Zamani inaanzia humo humo, inafunika yote yaliyotangulia, na ndiyo bahari ambamo Sasa huishia. Matukio hayaendi mbele kuelekea kilele fulani. Yanarudi nyuma, kutoka Sasa kuingia Zamani.

Nadharia hii haikuzaliwa kwa udadisi wa falsafa tu. Mbiti alikuwa mwanatheolojia, na utafiti wake wa uzamivu huko Cambridge, alioukamilisha mwaka 1963 na kuuchapisha kama kitabu mwaka 1971, ulihusu mafundisho ya Agano Jipya juu ya siku za mwisho na jinsi Wakamba walivyoyapokea kutoka kwa wamisionari. Aliona kwamba wahubiri walizungumzia kurudi kwa Kristo na mwisho wa dunia, na waumini wengi wakaelewa kwamba jambo hilo liko mlangoni. Siku zikapita, halikuja, wengine wakavunjika moyo. Mbiti akauliza kwa nini. Jibu lake: hawakuwa na mahali pa kuliweka tukio lililo mbali mbele, basi wakaliweka kesho. Yaani nadharia ilitengenezwa ili kueleza tatizo la kichungaji katika sehemu moja ya Kenya. Kuivika Afrika nzima lilikuwa jambo la baadaye, na huko ndiko ilikopasukia.

Ushahidi wake mkuu ulikuwa sarufi. Alipanga jedwali la nyakati za kitenzi za Kikamba na Kikuyu, akaonyesha kwamba uliopita umegawanywa kwa uangalifu: uliopita wa saa hii, wa leo, wa jana, wa kabla ya jana, na wa kale usiojulikana. Kwa ujao zipo njeo tatu, na ile ya mbali kabisa, alisema, inafika kama miezi 6. Tukio la ujao likivuka miaka 2, akasema, halina neno la kulibeba.

Hapa kosa linaonekana bila kutoka Kampala, mji alimokuwa akifundisha. Kiganda kina njeo mbili za ujao. Moja ni ya leo na mara moja, nyingine hubebwa na kiambishi -li-, na hiyo haina mpaka wa miezi. Anayesema ndigenda anasema ataenda siku fulani isiyo karibu, iwe mwaka ujao au uzeeni. Wakristo wa Buganda, ambao Biblia yao kamili ilikuwa tayari mwaka 1896, husema kwa kiambishi hicho hicho kwamba Yesu atarudi: alikomawo. Kwao mahali pa kuliweka jambo hilo palikuwapo kabla ya mmisionari. Isitoshe, sarufi ni shahidi dhaifu. Kiswahili kina -ta- moja tu kwa ujao wote, na bado hakuna Mswahili aliyeshindwa kutofautisha kesho na kiama. Lugha isiyotenga jambo kwa kiambishi huliweka katika neno jingine, au katika desturi.

Nikae zaidi kwenye desturi, maana huko ndiko ushahidi mzito ulipo. Padri Alexis Kagame wa Rwanda, ambaye naye alitafuta falsafa ya Kibantu ndani ya lugha, alikuwa mjuzi wa ubwiru, yaani siri za ibada za ufalme zilizotunzwa kwa kichwa na maofisa walioitwa abiru. Moja ya siri hizo ilikuwa mzunguko wa majina ya wafalme. Mfalme hakujichagulia jina. Majina yalifuatana kwa zamu: Mutara au Cyilima, wawili hawa wakipishana, kisha Kigeri, kisha Mibambwe, kisha Yuhi, halafu unaanza upya. Kila jina lilikuwa na kazi yake. Mutara na Cyilima walikuwa wafalme wa ng'ombe, Kigeri na Mibambwe wafalme wa vita, Yuhi mfalme wa moto wa ibada.

Sasa tuchukue mwiru aliyeishi katikati ya karne ya 19, enzi ya Mutara wa Pili Rwogera. Alijua kwamba atakayefuata ni Kigeri, na alikuwa Kigeri wa Nne Rwabugiri, mpiganaji kweli kweli, aliyefariki mwaka 1895. Alijua kwamba atafuata Mibambwe, na akaja Mibambwe wa Nne Rutarindwa. Huyu alipinduliwa huko Rucunshu mwaka 1896. Waliompindua walimweka kijana Musinga, na hata wao, wakiwa na damu mikononi, hawakuthubutu kuruka zamu: Musinga akaitwa Yuhi wa Tano. Mwaka 1931 Wabelgiji walimwondoa Musinga wakamsimika mwanawe Rudahigwa, naye akawa Mutara wa Tatu. Alipofariki mwaka 1959 mrithi wake akaitwa Kigeri wa Tano. Zaidi ya miaka 100, mapinduzi mamoja na ukoloni wa mataifa mawili, na hakuna zamu iliyorukwa, ingawa kwa kupishana kule Rudahigwa alipaswa kuitwa Cyilima.

Mtetezi wa Mbiti atajibu: huo si ujao, ni uliopita unaorudiwa. Mwiru hatazami mbele, anasoma Zamani tu. Jibu hilo si la kupuuzwa, na Kagame mwenyewe alilijua, ndiyo maana alieleza wakati huo kama mzunguko unaopanda, usiorudi pale pale. Jina linarudi, mtu harudi. Kigeri wa Tano si Rwabugiri aliyefufuka. Na zaidi ya hapo, ubwiru ulimfunga mfalme ambaye hajazaliwa, ukamwekea kazi na miiko. Anayemwekea miiko mjukuu wa mjukuu wake ana ujao, na anauona mrefu kuliko miaka 2.

Upande wa magharibi mwa bara, Kwame Gyekye wa Ghana alimjibu Mbiti mwaka 1987 kwa kutumia Waakan. Alisema Waakan wana neno bere kwa wakati kwa jumla, mbali na tukio lolote, na daakye kwa siku zijazo, na kwamba fikra zao juu ya Mungu zinadai wakati usio na mwisho. Byang Kato wa Nigeria, mwanatheolojia kama Mbiti, alikuwa amekwisha kumpinga mwaka 1975 kwa hofu ya kiimani zaidi. Nawasoma wote kwa heshima, lakini naona jambo ambalo wafuasi wao hulisahau. Waakan wanaweza kuangusha neno "Waafrika" katika sentensi ya Mbiti. Hawawezi kuwasemea Wakamba. Anayemjibu kwa kusema "sisi tuna ujao, basi Afrika ina ujao" amerudia kosa lile lile, ila kwa kuanzia Kumasi badala ya Kitui. Mbiti naye hakusaidia, kwani katika toleo la pili la mwaka 1990 aliibakiza nadharia yake.

Iko sehemu ambayo wakosoaji wengi wameipita haraka, na kwangu ndiyo yenye thamani: maelezo yake ya wafu. Mbiti alisema mtu akifa haingii Zamani mara moja. Anabaki katika Sasa maadamu yupo anayemkumbuka kwa jina, pengine kwa vizazi vinne au vitano. Hutajwa, humwagiwa pombe au chakula kidogo, hulaumiwa mtoto akiugua, na jina lake hupewa mjukuu. Anapokufa mtu wa mwisho aliyemjua, hapo ndipo anapotumbukia Zamani na kuwa roho kati ya roho zisizo na jina. Mpaka kati ya Sasa na Zamani, kwa hiyo, hauko kwenye tarehe. Uko kwenye kifua cha bibi kizee fulani, na siku akifa, mpaka unasogea. Maelezo haya hayahitaji dai lolote kuhusu ujao. Yangesimama vizuri hata kama Wakamba wangekuwa na njeo kumi za siku zijazo.

Na Wakamba wenyewe je? Husimuliwa habari za Syokimau, mwanamke mwaguzi aliyetabiri nyoka mrefu atakayepita nchini, kabla ya reli. Siitegemei sana, simulizi ya utabiri hukomaa baada ya jambo kutukia. Naamini zaidi biashara. Ludwig Krapf alipofika Ukambani mwaka 1849 alipokelewa na Kivui Mwenda wa Kitui, mkuu wa misafara ya pembe za ndovu iliyoshuka Mombasa. Msafara kama huo hupangwa kwa kukusanya watu, pembe na ahadi za malipo kabla ya safari, na hakuna anayebeba pembe ya mwenzake hadi pwani bila kuamini siku ambayo bado haijatukia. Na baada ya biashara, mahari. Ng'ombe na mbuzi wa mahari hawamalizwi kwa siku moja, na deni lisilolipwa na baba hudaiwa kwa mtoto.

Kwa hiyo, kwa wanafunzi wangu watakaokwenda Kitui na Machakos, ombi langu ni kwamba wasiwaulize wazee kama wana dhana ya ujao. Mzee wa adabu atakujibu ndiyo ili asikuvunje moyo. Waulize ni mifugo mingapi bado inadaiwa, kwa binti yupi, iliahidiwa mbele ya nani, na inatarajiwa kulipwa kizazi gani. Kisha waulize jina la mfu wa mbali kabisa ambaye bado humwagiwa kitu. Pimeni urefu wa majibu yote mawili, la mbele na la nyuma, mlete namba hizo hapa tuziweke kando ya jedwali la Mbiti.