Usisubiri Mudi: Nikifunga Duka, Naandika

(Maneno yaliyotolewa kwa wafanyabiashara siku ya pili ya maadhimisho, yamepunguzwa kidogo kwa ajili ya gazeti hili.)

Nawashukuru wazee wa pande zote mbili za mpaka kwa kunipa dakika hizi ishirini. Leo sizungumzi habari za mtaji wala mikopo. Nazungumza habari za daftari.

Wangapi hapa wana daftari la mauzo? Mikono mingi, vizuri. Wangapi waliandika jana jioni? Haya, naona mikono imeshuka na watu wanacheka.

Kuna dada mmoja hapa mpakani, ameniruhusu nimsimulie bila kumtaja jina. Anauza vitenge na sare za shule upande wa Sirari, na wateja wake wengi wanatoka Isebania, kwa hiyo droo yake ina shilingi za Tanzania na za Kenya. Mwaka jana, baada ya shule kufunguliwa, alikwenda kulipa mzigo aliochukua kwa mali kauli. Pesa hazikutosha, na hakujua zimekwenda wapi. Zimeliwa nyumbani? Ameuza chini ya bei? Hakuwa na jibu, na mwenye mzigo akakataa kumpa mwingine.

Tulifungua daftari lake pamoja. Mwezi mzima ulikuwa na siku 11 tu zilizoandikwa, na karibu zote zilikuwa siku za mauzo mazuri. Siku ya kuuza vizuri moyo ni mweupe, anaandika. Siku mbaya amechoka, anasema, "Nitaandika kesho." Sasa angalieni: siku mbaya ndizo zilizokuwa na habari aliyoihitaji. Akiacha mudi iamue, daftari linakuwa kumbukumbu ya furaha yake, si ya biashara yake.

Wengi wetu hapo tungempa semina ya kumtia moyo. Lakini dada huyu alikuwa tayari anataka. Mwaka 2002 watafiti watatu, Milne, Orbell na Sheeran, walichapisha jaribio walilofanya kwa wanafunzi wa chuo huko Uingereza. Walitaka kuona nani atafanya mazoezi walau mara moja katika wiki. Kundi moja liliachwa tu, na waliofanya walikuwa 38 kati ya kila 100. Kundi la pili lilipewa maelezo ya kutisha na kuhamasisha kuhusu ugonjwa wa moyo. Hao walisema wanataka zaidi, lakini waliofanya walikuwa 35 kati ya 100. Kundi la tatu lilipewa maelezo yale yale, halafu kila mtu akaandika siku gani, saa ngapi na mahali gani atafanya. Hapo walifanya 91 kati ya 100. Hamasa iliongeza kutaka tu. Kilicholeta kufanya ni ile sentensi iliyoandikwa.

Aliyeanza kuieleza njia hii ni mwanasaikolojia Mjerumani, Peter Gollwitzer, miaka ya 1990. Mpango wake una pande mbili: likitokea jambo fulani, basi nitafanya jambo fulani. Ukishaliunganisha tukio na tendo namna hiyo, tukio likifika akili inaliona upesi, na tendo linaanza bila wewe kukaa na kujadiliana na nafsi yako. Na kwenye yale majadiliano ndiko mudi inakoshindia, si ndiyo?

Sisi Waswahili tumerahisishiwa, maana lugha yetu inabeba mpango huu ndani ya "-ki-". Nikifika, nitafanya. Lakini tunaiharibu. "Nikipata nafasi nitaandika." "Nikijisikia vizuri nitaandika." Hiyo "-ki-" haina tukio ndani yake. Hakuna kengele inayolia nafasi ikipatikana.

Mpango wa kwanza wa dada yetu ulikuwa: "Jioni nikimaliza kazi nitaandika." Ukafa ndani ya siku tatu, maana jioni ni ndefu na kazi ya mama haina mwisho. Wa pili: "Ikifika saa moja nitaandika." Saa moja duka limejaa watu waliotoka kazini, na saa ikapita bila yeye kuiona. Tukamuuliza: ni tendo gani unalifanya kila siku unayofungua, hata ukiwa na huzuni, hata mvua ikinyesha? Akajibu, "Nafunga mlango wa mbele kwa ndani, halafu natokea wa nyuma." Basi! Mpango wa tatu ukawa hivi: "Nikishabana komeo la mlango wa mbele, nitaweka daftari juu ya droo na kuandika mauzo ya leo, shilingi za Tanzania mstari mmoja, za Kenya mstari mmoja." Daftari lenyewe likahama kutoka kabatini nyumbani, likafungwa kwa kamba kwenye droo.

Ikabaki mudi. Hapa ndipo penye utamu. Hakuambiwa aishinde mudi. Aliambiwa aigeuze kuwa tukio: "Nikijisikia kusema nitaandika kesho, basi nitaandika jumla peke yake, tarakimu mbili, halafu niende." Uchovu uliokuwa sababu ya kuacha ukawa ishara ya kuanza. Tarakimu mbili hazimalizi hata dakika.

Mwezi uliofuata alifungua duka siku 26 na aliandika siku 24. Na pesa zilizopotea zikaonekana: alikuwa anapokea shilingi za Kenya kwa bei ya kubadilishia ya miezi iliyopita. Kila gauni la shule lilikuwa linavuja kidogo. Hilo lisingeonekana kwenye zile siku 11 za furaha.

Sasa mpango wako ukishindwa, usijilaumu, chunguza. Jiulize: tukio lilipita bila mimi kukumbuka, au nilikumbuka na sikufanya? Kama hukukumbuka, tukio ni dhaifu; tafuta lingine unalolishika kwa mkono, kama komeo. Kama ulikumbuka ukaacha, tendo ni kubwa mno, lipunguze. Na kama umelipunguza hadi tarakimu mbili na bado huandiki, huenda jambo hilo hulitaki wewe, ulilazimishwa na mtu. Njia hii haimpi mtu nia asiyokuwa nayo. Inaibeba ile aliyonayo.

Pia usitoke hapa na mipango saba. Watafiti waliona kwamba mtu akipangia malengo mengi kwa wakati mmoja, faida inapungua, maana anaona ugumu wa yote kwa pamoja. Chukua moja, likizoeleka ndipo uongeze.

Na neno kwa upole: kama moyo umekuwa mzito karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, usingizi na hamu ya kula vimebadilika, na hakuna kinachokufurahisha, hiyo si mudi ya jioni. Nenda kituo cha afya. Komeo na daftari si dawa yake.

Basi tuchukue karatasi iliyo mbele yako. Andika sentensi moja: "Niki..., nita..." Msomee aliye jirani yako. Yeye akuulize swali moja tu: "Hilo tukio, kesho litatokea kweli, hata ukiamka vibaya?" Kama jibu ni "inategemea", futa uandike upya. Tuna dakika tano. Anzeni.