Hesabu ya siku za ndugu yako jela (mawaidha ya Jumamosi, Mghange)



Wiki iliyopita mliniuliza, bodi ya parole iko wapi tupeleke barua? Hapa Kenya mfungwa wa kawaida hangoji bodi imkubalie. Kifungu cha 46 cha Sheria ya Magereza kinampa rimisheni: thuluthi moja ya kifungo inapunguzwa kwa bidii ya kazi na tabia njema. Anahesabiwa thuluthi yote siku anayoingia, halafu anaweza kuipoteza. Kifungu chenyewe kinawatoa waliofungwa maisha, na pia waliofungwa kwa kosa la kifungu 296(1).

Sasa tuchukue mfano, kijana tumwite Juma. Alikamatwa Januari 2021, dhamana ikamshinda, akakaa rumande hadi Julai 2022 alipohukumiwa miaka 6. Toa thuluthi, inabaki miaka 4. Ukihesabu kutoka hukumu, anatoka Julai 2026. Ukihesabu kutoka kukamatwa, ilikuwa Januari 2025. Tofauti ni mwaka na nusu wa maisha ya mtu!

Familia ikisikia hivyo inaenda kugombana na askari getini. Jamani, mkuu wa gereza anafuata waranti ya korti. Kama waranti haisemi siku za rumande zihesabiwe, yeye hana kalamu ya kuongeza. Anayerekebisha ni korti, kupitia kifungu 333(2) cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai, kinachoamuru muda wa rumande uzingatiwe. Mfungwa anaweza kupeleka ombi lake Mahakama Kuu, kwetu ni Voi, hata bila wakili. Gerezani ofisi ya rekodi humsaidia kuandika na kutuma.

Kabla ya hapo, tafuteni nakala ya hukumu muisome polepole. Kama hakimu aliandika kwamba angempa miaka 7 na nusu, lakini kwa sababu ya rumande anampa 6, basi muda ule umeshahesabiwa. Ombi hilo litaanguka, na ni haki lianguke. Pia siku ambazo mtu alikuwa nje kwa dhamana hazimo.

Lakini pengine waranti iko sawa, na tarehe imesogezwa kwa sababu Juma alinyang'anywa rimisheni kwa kosa la nidhamu. Hapo sasa uamuzi ni wa gereza. Aombe kwa maandishi: kosa gani, lilisikizwa lini, siku ngapi zimekatwa. Kifungu 47 cha Katiba kinampa haki ya kupewa sababu kwa maandishi, na Sheria ya mwaka 2015 ya Hatua za Haki za Kiutawala inaeleza utaratibu wake. Amalize kwanza malalamiko ndani ya idara, la sivyo jaji anaweza kumrudisha. Kama hakupewa nafasi ya kujitetea, hiyo ndiyo hoja ya kupeleka Voi.

Wenye nakala za waranti, nileteeni baada ya Asr tupige hesabu pamoja.