Ombi la Ruhusa na Fedha za Safari ya Nairobi
(Hotuba ya Katibu katika Mkutano Mkuu wa Mwaka, Mombasa)

Bwana Mwenyekiti, wazee wetu watukufu, na ndugu wanachama,

Mkutano uliopita uliazimia tununue viti 200 vya plastiki vya kukodisha kwenye arusi na matanga. Leo Halmashauri inaomba ruhusa ya kuwapeleka Nairobi watu wawili, Mweka Hazina na fundi mmoja, wakavinunue huko.

Kwanza nitaeleza gharama. Nauli ya treni, daraja la kawaida, ni shilingi 1,500 tangu ilipopandishwa Januari 2024. Kwenda na kurudi kwa watu wawili ni 6,000. Malazi ya siku mbili ni 6,000, chakula cha siku tatu 4,200, na nauli za mjini 1,800. Jumla ni shilingi 18,000.

Sasa nitaeleza faida. Hapa Mombasa tumetajiwa bei ya 950 kwa kiti, Nairobi 750. Lakini ile 200 iliyo baina yake si faida yote, kwani lori litatutoza 40 kwa kila kiti. Inabaki 160, na kwa viti 200 ni 32,000. Tukitoa gharama ya safari, Chama kitabakiwa na 14,000. Kama tungetaka viti 100 tu, faida isingefika hata hiyo gharama, nami nisingesimama hapa kuomba.

Mzee mmoja aliuliza katika Halmashauri: kwa nini tusiagize kwa simu, tukaokoa hizo 18,000? Swali hilo ni la haki. Simu hutaja bei, haionyeshi mali. Kiti hafifu hutanua miguu mtu mzito akikikalia, na hilo hujulikana kwa kukikalia tu, kabla ya fedha kutolewa. Gharama ya safari ni sawa na bei ya viti 24 vya Nairobi. Fundi akituepusha na viti 24 vibovu kati ya 200, nauli yake imerudi.

Hata hivyo twaomba ruhusa hii iwe na mipaka. Kabla ya tiketi kukatwa, muuzaji atuletee bei kwa maandishi. Ikizidi shilingi 820, safari isifanyike, kwa kuwa hapo akiba yote itamezwa na gharama, nasi tutanunua hapa hapa. Tena, masurufu ya safari yasichanganywe na fedha za viti. Hizo zilipwe muuzaji kwa benki, baada ya fundi kuridhika. Katika siku saba za kurejea, wasafiri walete stakabadhi zote pamoja na salio, na hesabu isomwe mbele ya wazee.

Bwana Mwenyekiti, naomba mkutano upige kura juu ya shilingi 18,000, wala si zaidi.