Kuchagua Inveta kwa ajili ya Pampu na Jokofu

(Mazungumzo kwa Makatibu wa Vyama vya Msingi na Wanachama)



Chama kinapokusudia kununua inveta, yaani kile chombo kinachogeuza umeme wa betri uwe kama umeme wa gridi, desturi ya wengi ni kusoma wati zilizoandikwa kwenye mashine, kuzijumlisha, kuongeza kidogo, kisha kwenda dukani. Kwa taa, redio na kompyuta hesabu hiyo hufaa. Kwa chombo chenye mota haifai, na fedha za wanachama hupotea hapo.

Sababu yake iko ndani ya mota yenyewe. Mota inayozunguka huzalisha msukumo wa umeme unaopingana na ule unaoingia, na upinzani huo ndio unaozuia mkondo usizidi kiasi. Mota iliyosimama haina upinzani huo. Kwa hiyo, swichi inapobonyezwa, mkondo hupanda ghafla hadi mara tano, sita au saba ya ule wa kawaida, na hubaki juu mpaka mota ishike mwendo. Muda huo kwa kawaida ni mfupi, pengine nusu sekunde au sekunde nzima, lakini inveta isiyoweza kuustahimili hujizima, na kazi haifanyiki kabisa.

Chukulia chama cha wafugaji chenye pampu ya maji ya nguvufarasi moja na jokofu la kuhifadhia chanjo za mifugo, ambazo zinatakiwa zikae kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Kibao cha pampu kimeandikwa kilowati 0.75, volti 230, ampea 5. Katibu akiifuata ile kilowati 0.75 na kuizidisha mara mbili kwa usalama, atanunua inveta ya wati 1,500. Pampu itanguruma bila kuzunguka, taa zitafifia, kengele ya inveta italia, kisha kimya.

Kosa la kwanza katika hesabu hiyo ni kwamba kilowati 0.75 ni nguvu inayotoka kwenye mhimili wa mota, si umeme unaoingia. Kinachotakiwa kusomwa ni ampea. Ampea 5 kwa volti 230 ni volti-ampea 1,150, na hiyo ndiyo mzigo wa pampu inapokwenda. Kosa la pili ni kusahau mwanzo. Kwa kukadiria mara tano, mkondo wa kuanzia ni ampea 25, yaani volti-ampea 5,750. Jokofu likiwa linakwenda wakati huo huo kwa volti-ampea 150, na taa zikichukua 100, jumla ni 6,000.

Inveta ya volti-ampea 3,000 inayostahimili mara mbili ya kiwango chake inafikia hiyo 6,000 bila kubakiza chochote. Nayo inveta hupungukiwa nguvu chumba kinapokuwa na joto. Kwa hiyo iliyo salama kwa pampu hii ni ya 4,000, ilimradi iweze kutoa 8,000 kwa sekunde kadhaa.

Maneno hayo "kwa sekunde kadhaa" ndiyo yenye uzito, ingawa mara nyingi hayasemwi dukani. Inveta mbili zinaweza kuandikwa sawa, 4,000 na kilele 8,000, lakini moja ikatoa hiyo 8,000 kwa sekunde tano na nyingine kwa sehemu ndogo mno ya sekunde, muda ambao mota haijaanza hata kujongea. Zile zenye transfoma nzito kwa kawaida hustahimili zaidi kuliko zile nyepesi, na uzito wa sanduku ni dalili nzuri kwa mnunuzi. Lakini uthibitisho ni kitabu cha maelezo: kama muda wa kilele haukutajwa, ichukuliwe kwamba haupo. Pia inveta iwe ya mawimbi laini, kwa kuwa mawimbi ya ngazi hupasha mota joto na kuipunguzia nguvu.

Hata inveta nzuri hushindwa ikiwa nyuma yake ni dhaifu. Pampu hiyo ikianza, betri za volti 24 zitadaiwa karibu ampea 200 kwa muda huo mfupi. Waya wa milimita za mraba 10, wenye urefu wa mita tano kwenda na tano kurudi, utapoteza zaidi ya volti tatu na nusu, na inveta itajizima ikidhani betri zimekwisha. Waya wa milimita za mraba 35, wenye mita moja na nusu kwenda na kurudi hivyo hivyo, utapoteza karibu theluthi moja ya volti tu. Ubovu huu hutambulika kwa kupima volti pampu inapoanza. Volti zikishuka kwenye vichwa vya betri vyenyewe, betri ni ndogo au zimechakaa. Zikibaki juu hapo lakini zikashuka kwenye vichwa vya inveta, lawama ni ya waya au viungo vyake. Betri za lithiamu zina kilinzi cha ndani chenye kikomo chake cha ampea, nacho kisomwe kabla ya kununua.

Je, basi inunuliwe inveta kubwa iendeshe kila kitu? Hapo ndipo panapotaka busara. Inveta kubwa hula umeme hata isipokuwa na kazi. Ikila wati 40 mchana na usiku, kwa saa 24 ni wati-saa 960, kiasi ambacho huenda kikalingana na kile kinachotumiwa na jokofu lenyewe kwa siku. Pampu hufanya kazi saa moja au mbili. Jokofu halina likizo. Kwa chama cha namna hii ni afadhali inveta mbili: ndogo ya volti-ampea 1,000, yenye kilele cha 2,000, kwa jokofu peke yake, na kubwa inayowashwa wakati wa kupampu na kuzimwa baadaye. Kila moja iwe na waya wake kutoka kwenye betri. Faida nyingine ni kwamba pampu ikiiangusha inveta yake, chanjo hazipotei.

Jokofu nalo lina tabia yake. Umeme ukikatika na kurudi mara moja, kompresa hulazimika kuanza huku shinikizo la gesi halijatulia. Huvuta mkondo mkubwa na pengine hukwama. Kifaa cha kuchelewesha umeme kwa dakika chache huondoa shida hiyo, na bei yake ni ndogo ukilinganisha na kompresa.

Kwa pampu kubwa zaidi, za kilowati mbili au tatu, njia ya betri huwa ghali mno. Hapo hufaa pampu ya jua yenye kiendeshi chake, ambacho huanza kuzungusha mota polepole, hivyo ule mkondo mkubwa wa kuanzia hautokei. Maji hupandishwa mchana kwenye tangi, na tangi huchukua nafasi ya betri.

Fundi akimaliza kazi, malipo ya mwisho yasubiri jaribio. Lifanywe jioni, betri zikiwa zimetumika, jokofu likiwa linakwenda na taa zimewashwa. Pampu iwashwe na kuzimwa mara tatu, ikipumzishwa dakika chache kila mara. Ikiondoka mara zote tatu bila kengele kulia, Katibu anaweza kutia sahihi.